Kuweka dosie au kuiacha: hesabu ya zabuni kwa atelie ndogo ya Lubumbashi

Tangazo la zabuni likibandikwa, au likizunguka kwenye simu, watu wengi hapa Lubumbashi huanza na swali la bei: tutaandika ngapi? Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni kama dosie hiyo inastahili kuandaliwa, kwa sababu kuiandaa kunakula pesa na siku hata ukishindwa, na anayeshindwa harudishiwi kitu isipokuwa kosyo yake, yaani pesa ya dhamana aliyoiweka benki.

Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya zabuni, ile inayowapata wengi: kutengeneza bidhaa na kuzipeleka kwa mteja ambaye ni shirika, shule au ofisi ya serikali. Zabuni za serikali zinafuata Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Kazi ambazo kampuni za migodi zinazigawa kwa kampuni nyingine zina sheria yake, namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayozitengea kampuni za Wakongomani zenye mtaji wa Kikongomani. Hesabu ya kuamua ni ileile kwa zote mbili.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Ni atelie ya kulehemu na useremala huko Katuba, yenye wafanyakazi 9. Zabuni ni ya madawati 600 ya shule, fremu ya chuma na mbao juu, yapelekwe Lubumbashi na Kipushi ndani ya siku 60. Malipo yatafanyika siku 60 baada ya mapokezi, bila malipo ya awali. Atashinda mwenye bei ya chini kati ya waliotimiza masharti. Namba zote za mfano ni za kufundishia hesabu. Weka zako mahali pake.

Nusu saa ya kwanza: masharti yanayoua

Kabla ya kununua dosie, soma tangazo ukitafuta jambo moja: sharti ambalo usipokuwa nalo unatolewa hata kama bei yako ni nzuri kuliko zote. Mara nyingi ni haya: RCCM yaani usajili wa biashara, Idinati yaani namba ya utambulisho wa taifa, namba ya kodi, atestasio ya DGI, idara ya kodi, inayoonyesha kwamba huna deni la kodi, atestasio ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, uthibitisho wa kazi mbili au tatu zinazofanana na hii katika miaka ya karibuni, na kiwango fulani cha mapato ya mwaka.

Karatasi zinazokosekana zinaweza kutafutwa, mradi siku zilizobaki zinatosha. Uangalie tarehe kwa makini: atestasio iliyo halali leo inaweza kuwa imekwisha siku ya kufungua bahasha, na tume ya zabuni inaangalia siku ile. Lakini uthibitisho wa kazi zilizopita hautafutwi kwa wiki mbili. Kama wanataka mikataba miwili ya madawati na wewe una mmoja, nafasi yako si ndogo, haipo kabisa. Hapo kuna njia mbili tu za halali. Ya kwanza ni kuungana na atelie nyingine na kuweka dosie moja ya pamoja, kama dosie inaruhusu. Ya pili ni kumwandikia mteja kabla ya mwisho wa muda wa maswali, umuulize kwa mfano kama mkataba wa mabenchi 250 ya kanisa unahesabiwa kuwa kazi inayofanana. Barua hiyo haigharimu karibu kitu. Jibu likiwa hapana, umeokoa dosie nzima.

Tume hazina huruma na sharti la namna hii, na hata zikitaka haziwezi: mshindani mwingine atalalamika. Kwa hiyo usijiambie "wataelewa".

Bei halisi ya kuandaa

Ukivuka hapo, andika gharama ya kuandaa, siyo kichwani bali kwenye daftari. Atelie yetu ya Katuba ina hii: kununua dosie dola 50, kwenda Kipushi kuona shule dola 30, fotokopi, kugonga mihuri, kufunga nakala na kufuata atestasio dola 90, dawati la mfano ambalo mteja anataka kulikagua dola 100 pamoja na usafiri, ada ya benki kwa kosyo dola 60.

Kisha yanakuja mambo ambayo watu hawayahesabu. Kosyo yenyewe ni dola 1,000 ambazo benki itazifungia kwa karibu miezi 4. Zitarudi, lakini katika muda huo haziwezi kununua chuma. Kama pesa ya kukopa sokoni inakugharimu asilimia 3 kwa mwezi, kufungia 1,000 kwa miezi 4 ni dola 120. Halafu siku za watu: patron siku 6, na kila siku yake ina thamani ya dola 40 kwa sababu ndiye anayetafuta wateja wengine, jumla 240, sekretere siku 5 kwa dola 12, jumla 60.

Ukijumlisha yote unapata dola 750. Ukimuuliza patron ghafla angesema "kama 300 hivi", kwa sababu anakumbuka tu pesa iliyotoka mfukoni.

Kuna jambo moja la kupunguza. Atestasio uliyoichukua leo inaweza kutumika kwenye dosie nyingine mwezi ujao, na dawati la mfano linaweza kuuzwa. Kama kweli una dosie nyingine inayokuja, gawanya gharama hizo. Kama unatumaini tu kwamba itakuja, usigawanye.

Faida ya karatasini na faida ya mfukoni

Upande wa pili wa mizani ni faida utakayopata ukishinda, na hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Tuseme dawati linakugharimu dola 54 hadi lifike shuleni, nawe unaandika 65. Tofauti ni dola 11. Mara 600 ni dola 6,600. Namba tamu. Sasa ipunguze hatua kwa hatua.

Mteja hatoi pesa ya kuanzia, kwa hiyo utahitaji kukopa. Ukikopa 20,000 kwa asilimia 3 kwa mwezi, miezi 2 ya kutengeneza na miezi 2 ya kungoja malipo, riba ni dola 2,400. Kati ya madawati 600, tuseme 18 yatakataliwa kwa sababu ya kulehemu kubaya au mbao iliyopinda kwa kutokauka vizuri. Kurekebisha kila moja pamoja na kulirudisha ni dola 20, jumla 360. Dhamana ya kutimiza mkataba na ada za benki, 240. Kutoka 6,600 umebaki na 3,600.

Sasa uliza swali la uwezo. Atelie inatoa madawati 8 kwa siku, kwa wastani wa siku zenye umeme na siku ambazo SNEL, shirika la umeme, imekata na mashini ya kulehemu inangoja jenereta. Madawati 600 ni siku 75 za kazi. Siku 60 za mkataba, ukiondoa Jumapili, ni kama siku 51 tu. Utachelewa siku 24 za kazi, yaani karibu siku 28 za kalenda. Kama adhabu ni 1 kwa 1,000 ya thamani ya mkataba kila siku, ni dola 39 kwa siku, zaidi kidogo ya 1,090 kwa jumla. Na mkopo umeongezeka mwezi mmoja: 600 nyingine. Faida imeshuka hadi karibu 1,900.

Njia bora zaidi ni kumpa jirani mwenye atelie madawati 200 na kubaki na 400, ambayo kwa 8 kwa siku ni siku 50. Jirani atataka, tuseme, dola 3 zaidi kwa kila dawati, jumla 600. Faida inabaki 3,000. Tutatumia namba hii. Dosie ikikataza kugawa kazi kwa mwingine, rudi kwenye 1,900.

Kabla ya kuendelea, soma tena mstari mmoja wa dosie: bei inayotakiwa ni pamoja na TVA au bila TVA? TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16. Kwa mkataba wa dola 39,000 ni dola 6,240. Ukiandika 65 ukidhani kodi itaongezwa juu, kumbe mteja anaihesabu ndani, karibu dola 5,380 kati ya 6,600 za faida ya karatasini zimeondoka kabla hujakata chuma hata kimoja. Kosa hili ni la mstari mmoja, na baada ya bahasha kufunguliwa halirekebishwi.

Kiwango cha chini cha nafasi

Sasa gawa gharama ya kuandaa kwa faida ya mfukoni:

```
nafasi ya chini = gharama ya kuandaa / faida ukishinda
750 / 3000 = 0.25
```

Maana yake ni kwamba lazima uwe na nafasi ya kushinda angalau mara 1 katika dosie 4 za namna hii, ili usipate hasara kwa muda mrefu. Kwa faida ya karatasini ya 6,600 ungepata kama asilimia 11, mara 1 katika 9, nawe ungejitupa ndani kwa furaha. Kwa faida ya 1,900, ungehitaji karibu asilimia 39.

Kiwango hicho ni cha kutopata hasara tu, hakina hata senti ya ziada. Na kwa atelie ndogo kina hatari nyingine. Mtu mwenye nafasi ya asilimia 25 anaweza kushindwa mara 5 mfululizo, na hilo si ajabu: linatokea karibu mara 1 kati ya 4. Dosie 5 kwa 750 ni dola 3,750 za pesa na siku. Kampuni kubwa inavumilia hadi ushindi ufike. Atelie yenye akiba ya dola 2,500 itafunga mlango kabla. Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo ajiwekee kiwango cha juu zaidi. Kwa maoni yetu, mara moja na nusu ya kile cha hesabu. Hapa ingekuwa asilimia 37 au 38.

Kukisia nafasi bila kujidanganya

Hakuna anayejua nafasi yake kamili, lakini kukisia kwa utaratibu ni tofauti na kukisia kwa moyo. Anza na idadi ya washindani. Kwenye mkutano wa kutembelea eneo kuna karatasi ya mahudhurio, hesabu majina. Tuseme kuna 12. Si wote wataweka dosie, sema 8. Kati ya hao, tuseme 3 wataanguka kwenye karatasi: atestasio iliyokwisha, sahihi iliyosahauliwa, kosyo yenye muda mfupi kuliko uliotakiwa. Wanabaki 5, nawe ukiwa mmoja wao. Mwanzo ni asilimia 20.

Kisha panda au shuka kwa mambo unayoyajua, siyo unayoyatamani. Cha kwanza ni mtindo wa kuchagua. Kama mteja anatoa alama, kwa mfano 70 za ufundi na 30 za bei, na bei inahesabiwa kwa kulinganisha na ya chini kabisa, basi mwenye 65 mbele ya mwenye 60 anapata alama kama 28 kati ya 30. Anapoteza alama 2 tu, na anaweza kuzirudisha kwa kazi nzuri alizowahi kufanya. Lakini katika zabuni yetu anashinda mwenye bei ya chini. Hapo hata dola 1 inatosha kukuondoa, na ubora unaozidi masharti haukupi kitu.

Cha pili ni bei za wengine, na hizi si siri kama watu wanavyodhani. Katika zabuni za serikali, bahasha hufunguliwa hadharani na bei husomwa kwa sauti. Nenda ukakae pale na daftari, hasa kwa zabuni ambazo hukuweka dosie. Asubuhi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko wiki ya kukisia. Mashirika mengi hayafungui hadharani, lakini baada ya matokeo unaweza kuandika na kuuliza ulikuwa wa ngapi na bei iliyoshinda ilikuwa ngapi. Wengine hujibu. Tuseme daftari la atelie yetu lina bei 4 za dawati la aina hii kutoka ufunguzi wa mwisho: 61, 64, 68 na 70. Kwa 65 ungekuwa wa tatu. Nafasi haiwezi kubaki 20. Iandike 15 au chini yake.

Cha tatu ni dalili kwamba dosie imekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine: muda wa siku 8 kwa kazi inayohitaji dawati la mfano, kipimo cha bomba ambacho muuzaji mmoja tu mjini anacho, sharti la kazi zilizopita lenye kiasi cha ajabu. Usikimbilie kulaumu. Siku chache zinaweza kutokana na bajeti ya mfadhili inayokwisha mwezi ule. Mtihani ni kuandika swali: je, bomba la kipimo kinachokaribiana, lenye unene uleule, litakubaliwa? Mteja aliyeandika kipimo kwa kunakili atajibu ndiyo. Akishikilia bila sababu ya kiufundi, punguza nafasi yako kwa nusu, au zaidi.

Uamuzi wa katikati

Panga kazi ya kuandaa ili vitu vya bei kubwa vije mwisho: dosie, safari ya Kipushi na hesabu ya gharama kwanza, kosyo na dawati la mfano baadaye. Ila uliza benki mapema inahitaji siku ngapi kutoa karatasi ya kosyo, usije ukakwama.

Baada ya safari, simama na uamue upya. Umetumia 50 za dosie, 30 za safari na siku 2 za patron, jumla 160. Hizo zimekwenda, ukiendelea au ukiacha. Kilichobaki kutumia ni 590. Kwa hiyo swali sasa ni 590 kugawa kwa 3,000, karibu asilimia 20, siyo tena 25. Kama mkutano wa Kipushi umekufanya uamini una nafasi ya 22, hesabu tupu inasema endelea, hata kama siku ya kwanza 22 isingetosha. Kwa 15, unachotarajia ni dola 450, nawe ungetumia 590. Unaacha. Maneno "tumeshanunua dosie" hayana nafasi kwenye hesabu hii, ingawa ndiyo yanayosikika zaidi kwenye atelie.

Jaribu la kushusha bei

Patron wengi hapa watasema: basi tuandike 61. Fanya hesabu. Kushusha dola 4 mara 600 kunaondoa 2,400 kutoka 3,000. Inabaki 600, ilhali kuandaa ni 750. Hata ukiwa na uhakika wa kushinda kwa asilimia mia, unapoteza.

Na kuna mtego zaidi. Wakati watu 5 wamekisia gharama ya kazi moja, anayeshinda kwa bei ya chini mara nyingi ni yule aliyesahau kitu: usafiri wa Kipushi wakati wa mvua, tabaka la pili la rangi, bolti. Kadiri washindani wanavyokuwa wengi, ndivyo mshindi anavyoelekea kuwa aliyekosea zaidi. Kwa hiyo washindani wakiwa wengi, pitia tena gharama zako badala ya kushusha bei.

Kitu kimoja tu kingeweza kubadilisha picha: malipo ya awali. Mteja akitoa asilimia 30, yaani dola 11,700, mkopo ungeshuka hadi kama 8,000 na riba hadi 960. Umeokoa 1,440. Kuuliza kwa barua kunafaa. Lakini kumbuka jibu linatumwa kwa wote walionunua dosie, na wao pia watashusha bei zao. Anayenufaika zaidi ni anayekopa kwa riba kubwa. Mwenye pesa zake mwenyewe hapati kitu kikubwa. Ukiandika 62 kwa masharti hayo, faida ni 3,000 kuongeza 1,440 kutoa 1,800, yaani 2,640, na nafasi ya chini ni asilimia 28. Kwa bei za daftari, 62 ingekuweka wa pili. Bado ni ngumu.

Kwa hiyo atelie ya Katuba inaacha zabuni hii baada ya kutumia dola 160. Inaandika kwenye daftari tarehe, mteja, bei iliyotaka kuandika, nafasi iliyokisia na sababu ya kuacha. Kama bahasha zinafunguliwa hadharani, sekretere anakwenda kusikiliza. Kama sivyo, anaandika kuuliza bei iliyoshinda. Ikiwa ni 60, makisio yalikuwa sawa. Ikiwa ni 67, mstari ule wa 15 ulikuwa wa woga, na zabuni ijayo ya madawati itaanza na namba nyingine.